Haki ya kuomba, haki ya kukataa: uzi kuhusu saa za kazi za wazazi na walezi

Uzi huu ni mrefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu na chaji imebaki kidogo, weka alama urudi jioni. Sheria za uzi ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, na kwa maoni pia naomba msiniletee.

Kuna hoja moja ambayo huibuka kila mara mijadala ya ajira ikipamba moto. Mtu mmoja anapendekeza kwamba mzazi wa mtoto mdogo, au anayemuuguza mzee nyumbani, awe na haki kisheria ya kumwomba mwajiri ampunguzie saa za kazi au ambadilishie ratiba. Wa pili anaruka juu: "Basi mmemnyang'anya mwajiri biashara yake! Nani ataajiri mwanamke tena?" Wa kwanza anajibu kwa kumtaja mama yake mzazi na jinsi alivyoteseka. Ukumbi unapiga makofi, mwenye kipindi anaenda kwa matangazo, na sisi tuliobaki hatujui kama hiyo haki inamaanisha nini hasa.

Juzi tulijadili jambo hili darasani na mimi nikapewa upande wa kupinga. Nikaenda maktaba nikijua nitapata hoja za kuonyesha jinsi sheria kama hiyo inavyowabana waajiri. Nikarudi na kitu kingine kabisa. Sheria ya aina hii inayojulikana zaidi, ile ya Uingereza, iliandikwa kwa uangalifu mkubwa sana ili mwajiri aweze kukataa. Aliyepewa silaha kidogo ni mfanyakazi, na hata hiyo kidogo ilichukua miaka kunolewa mahakamani. Wacha niwaeleze ilivyotokea.

Tuanze 1984, kabla hakujakuwa na hiyo sheria. Mama mmoja alikuwa afisa katika wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Alikuwa analea watoto wawili peke yake. Baada ya mtoto wa pili kuzaliwa aliomba arudi kazini kwa nusu muda. Jibu la wizara lilikuwa fupi: katika cheo chako hakuna nafasi za nusu muda. Si ati kazi ingeharibika, si ati hakuna wa kumsaidia. Ni kwamba utaratibu hauna kitu kama hicho, kwisha.

Wakati huo hakukuwa na sheria ya kuomba saa nyepesi. Kilichokuwepo ni sheria ya 1975 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia, na ndani yake kulikuwa na wazo la ubaguzi usio wa moja kwa moja. Hili wazo ni muhimu, tulieni nalo kidogo. Mwajiri anaweza kuweka sharti moja kwa watu wote, wanaume na wanawake sawasawa, lakini kwa sababu ya jinsi maisha yalivyopangwa, sharti hilo likawaangusha wanawake wengi kuliko wanaume. Hapo mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba sharti lenyewe lina sababu ya haki. Mama yule alisema: kunitaka nifanye kazi muda wote ni sharti la namna hiyo, kwa sababu anayebaki na watoto kwa kawaida ni mwanamke.

Wizara ilijitetea kwa hoja ambayo mkisikiliza redio kesho asubuhi mtaisikia tena: tukikubali hili, kila ofisi itavurugika, kazi ya muda wote ndiyo kawaida ya dunia. Baraza la rufaa la ajira halikutikisika. Lilisema kufanya kazi muda wote ni sharti, na sharti linaweza kupimwa. Lakini pia lilikuwa makini kusema kwamba uamuzi huo ni wa kesi hiyo na mazingira yake, na kwamba mwajiri mwingine mwenye sababu nzuri anaweza kushinda. Si kila mama aliyeomba nusu muda angeipata.

Kwa hivyo kwa karibu miaka 20 hali ilikuwa hivi: hauna haki ya kuomba, lakini ukikataliwa vibaya unaweza kushtaki kwa ubaguzi. Njia ndefu, ya gharama, na yenye uchungu, manake lazima umwite mwajiri wako mbaguzi ndipo usikilizwe kuhusu saa ya kumchukua mtoto shule. Na baba aliyetaka kumlea mtoto alikuwa na kibarua kigumu zaidi, kwa kuwa hoja yenyewe ilisimama juu ya hali ya wanawake.

Desemba 2000 serikali ya huko ikatoa waraka wa kukusanya maoni kuhusu kazi na wazazi. Mojawapo ya mambo yaliyowekwa mezani ilikuwa haki ya mzazi kupunguziwa saa. Waajiri wakakuja juu. Vyama vya wafanyakazi navyo vikakaza. Katikati ya 2001 ikaundwa kamati maalum chini ya Profesa George Bain, msomi wa mahusiano ya kazi ambaye tayari alikuwa ameongoza tume ya kima cha chini cha mshahara. Ndani ya chumba kimoja wakawekwa watu wa waajiri na watu wa wafanyakazi, wakaambiwa watoke na kitu. Novemba 2001 wakatoka nacho, na kilikuwa maridhiano halisi, yale ya kila mtu kuondoka akiwa na njaa kidogo.

Maridhiano yenyewe yalikuwa hivi: mfanyakazi hatapata haki ya saa nyepesi. Atapata haki ya kuomba. Na mwajiri atapata wajibu wa kulifikiria ombi kwa dhati. Nikisoma hapo nilicheka peke yangu maktaba, kwa sababu kuomba si ungeomba tu hata bila sheria? Lakini nilikuwa nimecheka mapema. Nguvu ya sheria haikuwa kwenye kuomba. Ilikuwa kwenye kukataa.

Sheria ilipitishwa 2002 ikaanza kazi tarehe 6 Aprili 2003. Mwanzo iliwafaa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 6, au chini ya miaka 18 kama mtoto ana ulemavu, na lazima uwe umefanya kazi hapo wiki 26. Unaandika barua: nataka mabadiliko gani, yaanze lini, nafikiri yataathiri vipi kazi, na hiyo athari itashughulikiwaje. Mwajiri alikuwa na siku 28 za kukuita mkutanoni, kisha siku 14 za kutoa jibu, na ukikataliwa una siku 14 za kukata rufaa hapohapo kazini. Ukishatuma ombi moja, unangoja mwaka mzima kabla ya lingine.

Halafu inakuja sehemu ambayo sijawahi kusikia ikitajwa kwenye mjadala wowote wa runinga. Mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zilizoorodheshwa tu, na ziko 8. Gharama za ziada zitakuwa mzigo. Wateja hawatahudumiwa inavyotakiwa. Haiwezekani kuigawa kazi upya kwa waliopo. Haiwezekani kuajiri mwingine wa kujaza pengo. Ubora utashuka. Utendaji utashuka. Hakuna kazi ya kutosha katika saa ambazo mfanyakazi amechagua. Ama kuna mabadiliko ya muundo yaliyokwisha kupangwa. Basi.

Ukiziangalia hizo sababu kwa jicho la mwajiri, ni pana ajabu. Mwajiri yeyote anayejua kuandika atapata moja ya kumfaa. Na nyingine ni za kweli kabisa, tusijidanganye. Chukua mwalimu wa chekechea anayeomba kuanza saa nne asubuhi wakati watoto wanafika saa mbili. Au mwokaji mikate anayetaka kuingia mchana ilhali tanuri linazimwa saa tatu asubuhi. Hapo sababu ya kwamba hakuna kazi katika saa hizo haihitaji wakili. Na katika duka la watu watatu, mmoja akiondoka saa kumi kila siku, kuna mtu anabaki peke yake kaunta. Huyo aliyebaki pia ana maisha yake.

Lakini sasa ziangalie kwa kutafuta kile ambacho hakimo. Hakuna sababu inayosema "nikikupa wewe, wote watataka". Hakuna "hii kampuni haijawahi kufanya hivyo". Hakuna "mbona mwenzako ana watoto watatu na hajalalamika". Hakuna "mume wako anafanya nini". Yale majibu ambayo wafanyakazi wa huku hupewa kila siku, karibu yote hayamo. Mwajiri anayetaka kusema "wote watataka" analazimika kusubiri hao wote waombe kweli, kisha aseme kuigawa kazi haiwezekani, na aeleze kwa nini.

Nikasema basi, hiyo ni nguvu. Kumbe bado. Kuna neno moja kwenye kifungu lililowekwa kwa makusudi. Sheria haisemi mwajiri akatae ikiwa gharama *ni* mzigo. Inasema akatae kwa sababu *anaona* kwamba moja ya sababu hizo ipo. Anaona. Ni maoni yake. Kamati haikutaka majaji waanze kuendesha maghala na mikahawa. Kwa hivyo kwa maandishi, ukienda kushtaki, swali halikuwa kama mwajiri amekosea, bali kama alifuata utaratibu na kama alitaja moja ya sababu 8. Na ukishinda, fidia ya juu ilikuwa mshahara wa wiki 8, tena wiki yenyewe imewekewa kiwango cha mwisho. Kwa 2003 kiwango hicho kilikuwa pauni 260, kwa hivyo jumla haikuzidi pauni 2,080. Kwa kampuni kubwa hiyo ni bei ya karamu ya Krismasi.

Kesi iliyofungua hilo neno ilimhusu nyanya, na ndiyo sababu naipenda. Mama mmoja alikuwa akifanya kazi ghalani, muda wote. Mahakama ikampa malezi ya mjukuu wake. Ghafla akawa mzazi upya, katika umri ambao wenzake walikuwa wanapumzika. Akaomba afanye kazi siku tatu kwa wiki. Kwanza aliomba kwa mdomo, akakataliwa. Akaomba rasmi chini ya sheria mpya, akakataliwa tena. Sababu aliyopewa ilikuwa moja ya zile 8, utendaji utashuka, na maelezo yalihusu kuhifadhi moyo wa ushirikiano ghalani kwa watu wote kuwa na siku za kazi zinazofanana.

Mnaona hiyo mbinu? Sababu ya kisheria imetajwa. Utaratibu umefuatwa. Kwa kusoma kifungu kikavu, mwajiri amemaliza. Lakini baraza la ajira liliuliza swali rahisi: ushahidi uko wapi? Hakukuwepo. Hakuna aliyekuwa amechunguza kama ghala lingeyumba. Nyanya akashinda, mwajiri akakata rufaa akisema baraza halina mamlaka ya kuuliza hivyo, maana sheria inasema "anaona".

Mwaka 2005 baraza la rufaa likatoa jibu ambalo limeshika hadi leo. Lilikubali kwamba baraza haliwezi kuuliza kama mwajiri alitenda kwa busara au kwa huruma. Hilo bunge lilimwachia yeye. Lakini sheria pia inasema mfanyakazi anaweza kulalamika ikiwa uamuzi umejengwa juu ya habari zisizo za kweli. Na huwezi kujua kama habari ni za kweli bila kuziangalia. Kwa hivyo baraza linaruhusiwa kuuliza: ombi lingekubaliwa, nini kingetokea hasa? Wangeweza kumudu bila vurugu? Wafanyakazi wengine walionaje? Kuna ambao wangeweza kuzijaza zile saa? Mwajiri akisema "utendaji utashuka" na ukaguzi ukaonyesha hakuna kitu kama hicho, basi "anaona" haimwokoi.

Kwangu mimi huo ndio moyo wa uzi huu. Tofauti kati ya sababu halali na sababu iliyovalishwa nguo za halali haionekani kwenye barua ya kukataa. Inaonekana ukiuliza alichofanya mwajiri kati ya kupokea ombi na kulijibu. Aliangalia zamu? Aliuliza wenzake? Alitangaza nafasi akakosa mtu? Alipendekeza majaribio ya mwezi mmoja? Au alitafuta neno kwenye orodha akaliandika?

Baada ya hapo sheria ilipanuka polepole. Mwaka 2007 wakaongezwa wanaowahudumia watu wazima, yaani mwenye mzazi aliyepooza au mke mgonjwa. Mwaka 2009 umri wa mtoto ukapandishwa hadi chini ya miaka 17. Tarehe 30 Juni 2014 haki ikafunguliwa kwa wafanyakazi wote, hata asiye na mtoto wala mgonjwa, na zile siku 28 na 14 zikaondolewa, mwajiri akaambiwa tu ashughulikie kwa njia inayofaa ndani ya miezi mitatu. Aprili 2024 muda ukawa miezi miwili, maombi mawili kwa mwaka, kuanzia siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri lazima azungumze nawe kabla ya kukataa. Zile sababu 8 hazikuguswa katika miaka hiyo yote. Hata kidogo.

Kuhusu 2014 nina neno. Wengi husema kufungulia kila mtu kuliwasaliti wazazi, kwa sababu sasa wanashindana na mtu anayetaka Ijumaa yake ya kucheza gofu. Sikubaliani kabisa. Haki ikiwa ya wazazi peke yao, kila saa anayopunguziwa mama fulani inaonekana kama saa aliyoibiwa mwenzake asiye na mtoto. Chuki hiyo ndiyo huwafanya wengi wasiombe hata wakiruhusiwa. Lakini ni kweli kwamba mwajiri akipata maombi mawili kwa siku moja na anaweza kukubali moja, sheria haimwambii achague la mlezi.

Sasa turudi kwa ile njia ya zamani, ya ubaguzi, kwa sababu haikufa. Mwaka 2021 baraza moja la London lilisikiliza kesi ya meneja wa mauzo katika kampuni ya kuuza nyumba. Alipotoka likizo ya uzazi aliomba siku nne kwa wiki, na siku hizo atoke saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kituo cha kulelea mtoto kilikuwa kinafunga. Kampuni ikakataa ikitaja zile sababu zetu: gharama, wateja, kugawa kazi, kuajiri. Akajiuzulu. Baraza halikusema kampuni ilidanganya. Lilikubali kwamba kulikuwa na ugumu fulani. Lakini chini ya sheria ya ubaguzi lazima ugumu huo upimwe dhidi ya madhara kwa mwanamke, na mzani ukaegemea kwake. Alipewa zaidi ya pauni 180,000.

Weka hiyo kando ya mshahara wa wiki 8. Ombi ni lilelile, barua ya kukataa ni ileile, lakini mlango unaoingilia mahakamani ndio unaoamua. Kwa mlango wa kwanza wanauliza kama mwajiri aliona na kama habari zake ni za kweli. Kwa mlango wa pili wanauliza kama sababu yake inatosha. Kwa hivyo wakili wa mfanyakazi huko hubisha milango yote miwili kwa pamoja, na mwajiri mwenye akili huandika barua yake akijua hivyo.

Si lazima mambo yawe kama Uingereza, na hapa ndipo ningeomba watunga sera wetu wasome zaidi ya nchi moja. Uholanzi ilikuwa na sheria tangu Julai 2000, na kule mpangilio umegeuzwa: mwajiri lazima akubali ombi la kupunguza saa, isipokuwa akionyesha maslahi mazito ya biashara, kwa mfano ratiba haiwezi kupangwa, usalama utaathirika, au hakuna wa kuzijaza saa zilizoachwa. Kuonyesha ni kazi yake. Waajiri wenye watu chini ya 10 hawakubanwa hivyo, waliachwa wajipangie utaratibu wao. Ujerumani ikafuata Januari 2001, kwa mwajiri mwenye zaidi ya watu 15. Huko unaomba miezi mitatu kabla. Na mwajiri asipokataa kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe uliyoitaja, saa zako zinahesabika zimepungua kama ulivyoomba. Akinyamaza, amekubali.

Someni tena hiyo ya Ujerumani. Nitairudia.

Kwetu je? Kenya haina kifungu cha jumla kinachompa mzazi au mlezi haki ya kuomba saa nyepesi kwa utaratibu na sababu za kukataa. Tulicho nacho ni vipande. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe mama mapumziko ya kufanya hivyo, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Hiyo saa moja ndiyo kitu cha karibu zaidi na saa zilizopunguzwa kisheria, na inaisha mtoto akiacha kunyonya. Kuhusu mtoto wa darasa la pili anayetoka shule saa tisa, au baba yako aliyepigwa na kiharusi, vifungu hivyo havisemi kitu.

Lakini kuna kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Ajira. Kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa misingi ambayo ni pamoja na jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Na kinasema mfanyakazi akidai kubaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ni wazo lilelile la 1984, liko ndani ya vitabu vyetu, tena na mzigo wa ushahidi umeshawekwa upande wa mwajiri. Sisemi ukienda mahakamani kesho utashinda. Jaji wa Nairobi hafungwi na uamuzi wa London, anaweza tu kushawishika nao. Ninachosema ni kwamba mtu anayetuambia hili wazo ni la kigeni na halina mzizi kwa sheria yetu hajasoma hicho kifungu.

Kwa hivyo mswada wowote ukiletwa, mimi sitauliza kama unawapa wazazi "haki ya saa nyumbufu". Maneno hayo yanaweza kubeba kila kitu ama hewa tupu. Nitafungua ukurasa wa sababu za kukataa. Kuna orodha, au mwajiri anakataa akijisikia? Limeandikwa "anaona" au limeandikwa "ameonyesha"? Duka la watu wanne linawekwa kundi moja na benki? Na asipojibu, inakuwaje? Nakubali pia kwamba hata mswada bora zaidi hautamfikia mama mboga wala fundi wa jua kali, ambao hawana wa kumwandikia barua. Wengi wetu tumelelewa na watu wa namna hiyo. Hilo ni pengo ambalo sheria za Ulaya hazikuundwa kulijaza, na upande unaounga mkono hupenda kulipita haraka.

Hili la kutojibu linanigusa kwa sababu ya binamu yangu. Ni karani wa stoo Eneo la Viwanda, anatoka Kayole. Mtoto wake ana kifafa na kituo anachokaa kinafunga saa kumi na moja na nusu jioni. Aliomba aingie saa moja asubuhi badala ya saa mbili ili atoke saa kumi. Saa ni zilezile nane na chakula cha mchana katikati, hakuomba hata dakika moja ya bure, na lori la kwanza la stoo hufika saa moja na robo. Aliandika barua, nikamsaidia kupanga aya, akaeleza nani atashika funguo jioni.

Meneja aliipokea vizuri sana. Akasema, "Dada, ngoja tuone." Hiyo ni wiki ya tisa sasa. Hajakataliwa, kwa hivyo hana sababu ya kukatia rufaa. Hajakubaliwa, kwa hivyo saa kumi na moja jioni kuna jirani anayemchukua mtoto, na binamu yangu anamlipa shilingi 100 kwa siku. Nilimweleza habari ya Ujerumani tukiwa jikoni kwake. Akaniangalia, akaendelea kukatakata sukuma, kisha akaniuliza kama kuna mtu alishamtumia meneja wake hiyo sheria.